Mama yuko Kisauni, akaunti iko Leicester: je, kaka alipe ada ya ziada?

*"Assalamu alaikum fundi. Kaka yangu anaishi Leicester na ndiye mwenye akaunti ya Netflix. Miaka yote mama amekuwa akitazama kwenye runinga ya hapa nyumbani Kisauni, mimi natazama kwa simu, na mdogo wetu aliye chuoni Nairobi naye kwa simu yake. Tangu kaka anunue runinga mpya huko kwake, ya mama imeanza kuandika kwamba si ya nyumba hii. Kaka naye ameletewa ujumbe kwamba anaweza kumwongeza mtu kwa karibu pauni tano kila mwezi. Rafiki yake anamwambia alipe tu, halafu huku tuweke VPN. Alipe? Na mbona simu zetu hazijasumbuliwa?"*

Waalaikum salaam dada. Mwambie kaka asilipe. Pesa zitatoka na mama hatatazama, kwa sababu nafasi anayouziwa haikutengenezwa kwa mtu aliye Mombasa. Ina sharti moja ambalo ujumbe wenyewe hauliweki mbele sana: mwanachama wa ziada lazima awe anaishi nchi ileile ambayo akaunti ilifunguliwa. Akaunti ya kaka ni ya Uingereza, basi anaweza kumwongeza rafiki yake wa Birmingham au binamu wa London. Mama wa Kisauni hayumo.

Na huku kwetu nafasi hiyo haiuzwi kabisa. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu wamesoma habari za Uingereza na Marekani wakadhani kanuni ni moja dunia nzima. Ada hii ilianza kama majaribio Machi 2022 katika nchi tatu, Chile, Kosta Rika na Peru. Februari 2023 ikaingia Kanada, Nyuzilandi, Ureno na Uhispania, na tarehe 23 Mei 2023 ikafika Marekani, Uingereza na nchi nyingine nyingi kwa mkupuo. Uingereza ilianza kwa pauni 4.99 kwa mwezi. Kisha Julai 2023 kampuni ikawaandikia wenye hisa wake kwamba sasa inazuia kugawana katika karibu nchi zote zilizobaki, ila huko haitauza nafasi ya ziada, kwa kuwa katika nyingi ya nchi hizo ilikuwa imetoka kupunguza bei. Kenya ilitajwa kwa jina katika barua hiyo, pamoja na India, Indonesia na Kroatia.

Kwa maneno mengine, Mwingereza aliambiwa alipe zaidi ili aendelee kugawana. Sisi tuliambiwa bei imeshuka, kila nyumba ifungue yake. Ukilijua hilo, swali lako linakuwa jepesi: mama anahitaji akaunti ya Kenya, na kazi iliyobaki ni kuihamisha historia yake bila kupoteza kitu.

Najua inauma. Kampuni hiihii mwaka 2017 iliandika hadharani kwenye Twita kwamba mapenzi ni kugawana paswadi, na familia nyingi za pwani, ambazo kila moja ina mtoto Uingereza, Doha au Maskati, zililichukua neno hilo kama ruhusa. Miaka mitano baadaye wateja wakapungua kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja. Kampuni ikapiga hesabu, ikaona ina wanaolipa milioni 222 na nyumba nyingine zaidi ya milioni 100 zinazotazama kwa akaunti za wenzao. Hapo ruhusa ikaondoka. Mimi naona walikuwa na haki ya kubadilisha, lakini walipaswa kuwaeleza watu wa nchi kama yetu kwa uwazi zaidi kuliko kuwaachia maandishi kwenye kioo cha runinga.

Sasa nikueleze kilichotokea nyumbani kwenu, maana ukikielewa hutashangaa tena.

Netflix haijui kaka anaishi wapi kwa kumwuliza. Haitumii GPS wala haihitaji anwani ya posta. Inaangalia mambo matatu: anwani ya intaneti ambayo kifaa kinatokea, utambulisho wa kifaa chenyewe, na jinsi akaunti inavyotumika. Kila ruta inayotoa waifai nyumbani hutoka nje kwa anwani fulani ya intaneti, kama vile kila nyumba ya mtaa ilivyo na mlango wake. Vifaa vyote vinavyopitia mlango huo huonekana kuwa vya nyumba moja. Na kinachotumika kuiwekea nyumba alama ni runinga. Simu hutembea, kompyuta hubebwa, lakini runinga imekaa ukutani. Ndiyo maana wameifanya kuwa nanga. Hata kanuni yao inasema mtu asiyetazama kwa runinga hana haja ya kuweka nyumba kwenye akaunti yake.

Nakisia kaka yako miaka yote alikuwa akitazama kwa simu au kompyuta, kama wengi wanaoishi chumba cha kupanga. Kwenye akaunti yake nzima runinga ilikuwa moja tu, nayo ni ya mama. Basi mfumo ulipotafuta nyumba ya akaunti hii iko wapi, ulikuta runinga moja, kwenye waifai moja, Kisauni. Bila mtu yeyote kubofya kitu, nyumba ya akaunti ya Leicester ikawa kwa mama. Ndiyo sababu mlikaa raha mustarehe wakati wengine wakisumbuliwa tangu 2023.

Kisha kaka akanunua runinga, akaiweka sebuleni, akaingiza paswadi. Runinga ikamwuliza kama hii ndiyo nyumba yake, naye akakubali, kwani kweli ni kwake. Kwa kubofya huko nyumba ikahama kutoka Kisauni kwenda Leicester, na usiku uleule runinga ya mama ikawa mgeni. Hakuna aliyewashtaki, wala kompyuta haikugundua siri mpya. Nanga ilihamishwa tu, na aliyeihamisha hakujua.

Simu zenu hazijasumbuliwa kwa sababu hiyohiyo: simu huchukuliwa kuwa inaweza kuwa safarini, kwa hiyo huvumiliwa zaidi kuliko runinga. Usijenge juu ya uvumilivu huo. Siku yoyote simu inaweza kuulizwa ijithibitishe, na uthibitisho huenda kwa kaka, si kwako. Utasikia pia watu wakisema kwa uhakika kwamba ukiunganisha simu kwenye waifai ya mwenye akaunti mara moja kila siku 31 huguswi. Maneno hayo yalionekana kwenye kurasa za msaada za Netflix mwanzoni mwa Februari 2023, yakaondolewa siku chache baadaye. Kampuni ikasema yalikuwa ya zile nchi tatu za majaribio na yaliwekwa kwingine kwa makosa. Bado yanazunguka kwenye vikundi vya Whatsapp kama hadithi isiyokufa.

Huenda kaka akasema, "Basi niwe nawatumia msimbo." Hilo linawezekana, na kwa usiku mmoja au mawili linasaidia. Runinga ya mama ikikataa, kuna mahali pa kuomba kutazama kwa muda, na ujumbe hutumwa kwa barua pepe au simu ya mwenye akaunti. Tatizo ni kwamba ujumbe huo hufa baada ya dakika 15. Nimeona nyumba moja ya Majengo wakiishi hivyo kwa karibu miezi miwili. Bibi akimaliza swala ya isha huketi kwenye kochi lake saa mbili na robo usiku, rimoti mkononi, na mjukuu anampigia mjomba aliye Uingereza. Huko ni saa kumi na moja na robo jioni kipindi cha baridi. Mjomba yuko ghalani amevaa glavu, simu iko kwenye kabati la wafanyakazi. Akiipata, dakika 15 zimekwisha. Wanaomba tena. Bibi alikuwa ameshalala kwenye kochi mara tatu katika wiki moja niliyokuwa nikienda kutengeneza waya wao. Msimbo ni kwa msafiri. Mama hasafiri, yuko kwake.

Kuhusu VPN, rafiki wa kaka hana nia mbaya lakini ushauri wake ni ghali. VPN humfanya mama aonekane yuko Uingereza, ndiyo, lakini Netflix inazitambua nyingi, na ikiitambua humwonyesha mtu zile filamu na tamthilia ambazo ina haki nazo dunia nzima tu. Mama atafungua siku moja akute nusu ya anazozipenda hazipo. Runinga nyingi pia hazina mahali pepesi pa kuweka VPN, kwa hiyo utaishia kuiweka kwenye ruta, na intaneti yote ya nyumba ipite Uingereza kwanza ndipo irudi Kisauni. Watoto wakifungua masomo yao, itakuwa taratibu. Na baada ya taabu yote hiyo mtakuwa mmevunja masharti kwa ajili ya kitu kinachouzwa hapa kwa bei ya chini zaidi.

Tuje kwenye bei, maana hapo ndipo niliposhangaa mwenyewe mara ya kwanza nilipopiga hesabu. Mapema 2023 Netflix ilishusha bei za Kenya. Kifurushi cha simu, kinachofanya kazi kwenye simu na tableti tu, kikatoka shilingi 300 hadi 200 kwa mwezi. Kile cha msingi, ambacho kinaonekana kwenye runinga lakini kifaa kimoja kwa wakati, kikatoka 700 hadi 300. Cha kawaida, vifaa viwili kwa wakati, kikawa 700, na kile kikubwa 1,100. Kabla ya kulipa angalia ukurasa wenyewe ukiwa hapa Mombasa, kwa sababu bei hupanda na kushuka, lakini uwiano ndio ninaotaka uuone. Pauni 4.99 za mwaka ule zilikuwa zaidi ya shilingi 800. Kaka angelipa shilingi 800 na kitu kwa ajili ya nafasi yenye profaili moja tu na kifaa kimoja kwa wakati, na ingemhudumia mtu mmoja tu katika nyumba yenu. Kwa shilingi 300 za mwaka uleule mama angepata akaunti nzima iliyo yake.

Mdogo wenu wa Nairobi je? Hapa watu hukosea kwa kununua kifurushi cha kawaida wakidhani vifaa viwili maana yake nyumba mbili. Sivyo. Vifaa viwili ni vya watu wanaoishi pamoja; mtoto aliyepanga Nairobi ni nyumba nyingine, hata kama likizo anarudi kulala kwenye chumba chake cha zamani. Na mkichukua cha msingi mkagawana naye, kwa kuwa ni kifaa kimoja kwa wakati, siku yeye akifungua kabla ya mama, runinga ya mama itasema kuna mwingine anatazama. Nyumba itakuwa na ugomvi usio na sababu. Kwa kuwa yeye anatumia simu, mchukulie kifurushi cha simu. Kwa bei za 2023, mia tatu na mia mbili ni mia tano: bado pungufu ya ile ya kawaida, pungufu ya pauni za kaka, na kila mmoja amesimama kwa miguu yake. Mwambie tu mapema kwamba kifurushi cha simu hakirushwi kwenye runinga, asije akanunua kisha akalalamika chumba kizima cha marafiki kimekaa kimsubiri.

Wewe, dada, unaishi na mama, basi mtatumia akaunti moja. Kama huwa mnatazama wakati mmoja, wewe kwa simu na yeye kwa runinga, hapo ndipo kifurushi cha kawaida kina maana. Kama huwa unasubiri mpaka alale, cha msingi kinatosha. Anza na cha chini. Kupanda ni kubofya mara moja, na hakuna unachopoteza.

Sasa kuhamisha. Tangu Oktoba 2022 Netflix imeruhusu profaili kuhama kutoka akaunti moja hadi nyingine, na huhama na historia ya ulichotazama, orodha uliyojiwekea, mapendekezo na mipangilio. Kwa mama hili ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Mtu aliyefika sehemu ya arubaini na kitu ya tamthilia ya Kituruki hataki kuanza kutafuta alipofika.

Mpangilio wa hatua ndio wenye maana, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuanza mwisho: kaka anakasirika au anaogopa, anabadilisha paswadi na kuifuta profaili ya mama, kisha ananipigia aulize itahamaje. Ikishafutwa haihami. Kwa hiyo kaka asiguse kitu kwanza. Afanye jambo moja tu: aingie kwenye ukurasa wa akaunti yake kupitia kivinjari, ahakikishe ruhusa ya kuhamisha profaili imewashwa, na athibitishe barua pepe atakayotumiwa. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, na ni ya dakika chache.

Kinachofuata kifanyike Kisauni, si Leicester. Nalisisitiza hili kwa sababu akaunti mpya hupewa nchi ya mahali ilipofunguliwa. Kaka akiwa na moyo mwema akasema "wacha nimalize yote mimi", akaunti ya mama itazaliwa Uingereza, italipwa kwa pauni, na baadaye haibadilishwi nchi kwa kubofya. Itabidi ifutwe na kuanza upya. Kaa wewe na simu au kompyuta yako kwenye waifai ya nyumbani, bila VPN yoyote, ingia netflix.com kwa paswadi ya kaka, fungua ukurasa wa akaunti, nenda kwenye profaili ya mama, na uchague "Transfer Profile". Utaulizwa barua pepe na paswadi ya akaunti mpya. Weka barua pepe ambayo wewe unaifungua kila siku. Usiweke ile mliyomfungulia mama mwaka fulani na hakuna anayekumbuka neno lake la siri, kwa sababu kila uthibitisho wa baadaye utakwenda huko.

Ukifika kwenye vifurushi, tazama sarafu kabla ya kitu kingine. Ukiona shilingi, uko sawa. Ukiona pauni, simama: ama VPN imewashwa mahali, ama kuna mtu anaifanya kazi hii akiwa Uingereza. Funga, zima, uanze tena.

Malipo hayahitaji kadi ya benki. Tangu Juni 2022 M-PESA ina kadi ya Visa isiyo ya plastiki, GlobalPay, unayoifungua kwenye programu ya M-PESA au kwa kupiga *334#. Utapewa namba ya kadi, tarehe ya mwisho na ile namba fupi ya usalama. Namba hiyo fupi haikai. Iombe wakati uleule unapojaza, usiiandike kwenye karatasi jana ukaitumia leo. Kisha kumbuka kwamba kila mwezi, tarehe ileile uliyojiunga, Netflix itajaribu kuchukua pesa kwenye M-PESA. Ikikuta salio halitoshi, akaunti husimama mpaka ulipe, na mama atadhani ni ile shida ya mwanzo imerudi. Hivyo ukiona runinga imekataa, soma maneno yake kabla ya kumpigia kaka: yakitaja malipo, ni salio; yakitaja nyumba, ni mtandao. Ni vitu viwili tofauti na dawa zake ni tofauti.

Kaka akitaka kuendelea kumlipia mama, na nadhani atataka, maana ndiyo zawadi yake, amtumie pesa za miezi sita kwa mara moja badala ya kila mwezi, ili gharama ya kutuma isimeze kiasi kidogo kinachotumwa. Asijaribu kuweka kadi yake ya Uingereza kwenye akaunti ya Kenya. Huenda ikakataliwa, na hata ikikubaliwa mtakuwa mmeifunga tena akaunti ya mama kwa mtu aliye mbali.

Ukishalipa, nenda kwenye runinga ya mama. Toa akaunti ya kaka, ingiza mpya, na uhakikishe profaili yake imekuja na orodha yake. Kisha nenda "Get Help", halafu "Manage Netflix Household", uithibitishe hapo nyumba ikiwa runinga iko kwenye waifai ya kweli ya nyumbani. Utaletewa kiungo kwa barua pepe au simu yako. Kifungue papo hapo, kwani ni zile dakika 15 zilezile, tofauti ni kwamba safari hii simu iko mfukoni mwako.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo halimpati mtu wa Leicester, nalo ndilo litakalokurudisha kwangu ukilisahau. Faiba ya nyumbani ikikatika, au bando la mwezi likiisha kabla ya mshahara, tunafanya nini? Tunawasha hotspoti ya simu na kuunganisha runinga. Kwa macho ya Netflix runinga imehama: jana ilitokea mlango wa ruta, leo inatokea mlango wa laini ya simu. Inaweza kuuliza kama hii ni nyumba mpya. Wakati huo usikubali kuibadilisha nyumba. Chagua "Watch Temporarily", pokea msimbo, mama atazame. Ukiibadilisha, nyumba yenu itakuwa ni simu yako, na kesho faiba ikirudi utaulizwa tena, na siku ukienda Malindi na simu hiyo mama ataachwa bila nyumba. Ukihama kampuni ya intaneti kabisa, hapo ndipo unapobadilisha, mara moja, ukiwa kwenye ruta mpya.

Wako pia wanaotumia waifai moja kwa nyumba nne za ghorofa, jirani mmoja ndiye mwenye ruta na wengine wanachangia. Hapo runinga zote nne hutokea mlango mmoja, na huenda zisiulizwe chochote. Sikushauri kuitegemea hali hiyo. Siku mwenye ruta akihama Bamburi, runinga tatu zitazimika kwa pamoja, na masharti yenyewe yanasema nyumba ni watu wanaoishi pamoja, si wanaochangia bili ya intaneti.

Utaniuliza kama mama atapoteza filamu kwa kutoka akaunti ya Uingereza. Hatapoteza hata moja. Kinachoamua unachoona ni mahali ulipo unapotazama, si mahali akaunti ilipofunguliwa. Miaka yote hiyo akiwa Kisauni mama alikuwa akiona orodha ya Kenya, ingawa aliyelipa alikuwa Leicester.

Baada ya wewe kunithibitishia, au tuseme kumthibitishia kaka, kwamba runinga ya mama imefungua na orodha yake ipo, ndipo yeye afanye kazi yake ya pili. Profaili iliyohamishwa hubaki pia kwenye akaunti ya zamani mpaka ifutwe, kwa hiyo afute ya mama. Ya mdogo wenu asiifute mpaka naye amehamisha ya kwake, akiwa Nairobi, kwa njia hiihii. Mwishowe atoe vifaa vyote kwenye akaunti na abadilishe paswadi. Kama alishanunua ile nafasi ya ziada kabla ya kupata jibu hili, aifute kwenye ukurasa wa akaunti leo, asisubiri mwezi ujao umkate tena.

Kama mnaweza, fanyeni Jumamosi asubuhi, saa nne ya hapa, kabla kaka hajaenda kazini, mkiwa kwenye simu pamoja. Kuna barua pepe moja au mbili atakazotakiwa kuzithibitisha wakati wewe unahamisha, na akiwa macho na simu mkononi kazi yote haizidi nusu saa.